Kishikio cha shawa kigumu na maji hayapati moto: nibadilishe katriji?

*Swali: Fundi, habari za kazi. Miksa ya shawa yangu imejengewa ukutani, ni ya kishikio kimoja. Siku hizi kukizungusha kuelekea moto ni kazi, na hata nikikifikisha mwisho maji ni vuguvugu tu. Nimepima: sinki la hapo hapo bafuni linatoa nyuzi 57, shawa inatoa 36, maji baridi ni 22. Hita nimeiweka 60. Nimeambiwa katriji imekufa. Ni kweli? Na naweza kubadilisha mwenyewe?*

Nzuri, ndugu. Hizo namba tatu zinatuokoa na kubahatisha. Kutoka 22 hadi 57 ni nyuzi 35, na maji ya shawa yako yamepanda nyuzi 14 tu juu ya yale baridi. Gawanya 14 kwa 35, unapata asilimia 40. Kwa hiyo katika kila lita 10 zinazokumwagikia, lita 4 zimetoka kwenye hita na lita 6 ni maji baridi, ilhali kishikio kimesukumwa hadi mwisho wa moto, mahali ambapo maji baridi yalipaswa kuwa yamefungwa kabisa au karibu kabisa. Hita haina kosa, kwa sababu sinki linakunywa humo humo na linapata 57. Tatizo liko kwenye miksa au kwenye bomba fupi linaloilisha.

Katriji ndiyo mshukiwa wa kwanza, lakini si peke yake. Ukiielewa inavyofanya kazi, utaona kwa nini ugumu na uvuguvugu huja pamoja mara nyingi. Ndani ya katriji kuna visahani viwili vya kauri vilivyosuguliwa hadi vikawa laini kupita kiasi. Cha chini hakisogei, kina matundu matatu: la maji moto, la maji baridi na la kutokea. Cha juu kinasogezwa na kijiti kilichounganishwa na kishikio, na kadiri kinavyosogea ndivyo kinavyofunua tundu moja na kufunika jingine. Kati yao kuna grisi ya silikoni, nyembamba sana. Miaka ikipita grisi huoshwa na maji, na chokaa iliyomo kwenye maji huanza kujishika. Chokaa hupenda maji moto, yaani hujitenga na kuganda zaidi maji yanapopashwa, ndiyo maana upande wa moto huchoka kwanza. Matokeo yake ni kwamba kishikio kinakuwa kigumu hasa kikikaribia moto, nawe unakoma kusukuma pale kinapogoma ukidhani umefika mwisho. Bado kuna mwendo uliobaki, ila huufikii, na tundu la baridi bado liko wazi kwa sehemu.

Kabla ya kushika spana, fanya jaribio moja. Tafuta koki ya kufungia maji baridi yanayoingia kwenye shawa pekee. Fungua shawa, kishikio kikiwa upande wa moto, kisha funga koki hiyo polepole. Kaa pembeni ya maji, maana yanaweza kuruka hadi 57 ghafla. Angalia mambo mawili, joto na nguvu ya maji. Mkondo ukibaki na nguvu ya kutosha na joto likapanda hadi karibu na la sinki, njia ya maji moto iko wazi na ugonjwa ni baridi kupenya pasipotakiwa. Ukibaki uzi mwembamba lakini wenye moto, njia ya moto ndiyo imebanwa: chokaa kwenye tundu, uchafu kwenye kichujio cha kuingilia kama miksa yako inacho, au koki ya maji moto ambayo mtu aliifungua nusu siku ya matengenezo akasahau. Hiyo ya mwisho usiidharau, kwani huponywa kwa kuzungusha mkono tu.

Kama shawa haina koki yake na iliyopo ni ile kuu ya nyumba, jaribio hili halifanyiki. Ukifunga kuu, hita nayo inakosa maji ya kusukuma yaliyomo, hivyo yote mawili yanakauka na hujajua kitu. Ruka moja kwa moja kwenye kufungua kishikio.

Kishikio huondoka kwa skrubu moja ndogo. Mara nyingi iko chini ya kidoa chenye alama nyekundu na buluu, au upande wa chini wa kishikio ambapo huioni mpaka uiname. Ni ya alenki, kwa kawaida ya milimita 2.5 au 3. Ziba tundu la kutolea maji la sakafuni kwa kitambaa kabla hujaigusa, kwa sababu skrubu hiyo ikianguka huwa inajua pa kwenda. Ilegeze tu hadi kishikio kiachie, huna haja ya kuitoa yote.

Kishikio kikishatoka, vitu viwili vinaweza kukuokoa usinunue chochote. Kwanza, shika kijiti kilichobaki kwa plaizi iliyofungwa kitambaa na ukizungushe. Kama kinaenda kwa ulaini, basi ugumu ulikuwa wa kishikio kusugua kifuniko cha chuma, pengine kwa sababu ya sabuni na chokaa zilizokauka katikati yao. Safisha, rudisha, umemaliza upande huo. Pili, tafuta pete ya kikomo. Katika katriji nyingi za kishikio kimoja kuna pete ya plastiki yenye meno, mara nyingi nyekundu au ya rangi inayoonekana kirahisi, imekaa juu ya katriji kuzunguka kijiti. Kazi yake ni kuzuia kishikio kisifike mwisho wa moto ili watoto na wazee wasiungue. Ikiwa imefungwa nyuma mno, shawa itatoa vuguvugu maisha yote hata kama katriji ni mpya. Ivute nje kidogo, izungushe jino moja au mawili kuruhusu mwendo zaidi, irudishe, kisha upime tena joto. Nimeshakuta miksa zilizobadilishwa katriji mara mbili, kumbe pete ilitoka kiwandani ikiwa imebana na hakuna aliyeigusa.

Kwako, kwa kuwa ugumu umekuja na umri, nategemea kijiti chenyewe kitakuwa kigumu. Hapo katriji inabadilishwa, na ndiyo, mtu mwenye subira anaweza kuifanya mwenyewe.

Funga maji yote mawili, moto na baridi. Kama unalazimika kufunga maji ya nyumba nzima, zima na umeme wa hita. Kisha fungua shawa hadi iishe nguvu, na ufungue sinki pia upande wa moto ili shinikizo lililobaki kwenye bomba lipungue. Juu ya katriji utakuta kifuniko cha mviringo kinachong'aa, ambacho hufunguka kwa mkono ukikishika kwa kitambaa au glavu ya mpira. Chini yake kuna nati kubwa, mara nyingi ya shaba, inayoishikilia katriji kwenye mwili wa miksa.

Nati hiyo ndiyo inayoharibu kazi kuliko kitu kingine chochote. Miksa ya ukutani imeungwa kwenye mabomba nyuma ya vigae, mahali usipopaona. Ukiikaba nati iliyoganda na kuivuta kwa nguvu zote, nguvu hiyo haiishii kwenye nati, inafika kwenye viungio vilivyofichika, na kiungio kikilegea utajua baadaye kwa doa la unyevu upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo nati ikigoma, acha. Loweka kitambaa kwa siki nyeupe, ukizungushe kwenye nati na ukiache nusu saa hadi saa nzima ili chokaa ilegee. Angalia tu siki isiguse marumaru au jiwe la chokaa, maana huyachoma. Ukirudi, tumia spana inayokaa sawasawa kwenye pande za nati. Spana malaya inafaa ikiwa mdomo wake umebanwa vizuri bila kucheza. Vuta kwa mshituko mfupi mfupi wa kiganja, na kama mwili wa miksa una sehemu ya kushika, ushike kwa mkono wa pili ukivuta upande wa pili ili nguvu hizo zikutane hapo hapo. Usitumie nyundo, wala usiiwashie moto wa gesi: nyuma ya kigae kuna mihuri ya mpira na pengine mabomba ya plastiki. Ikishindikana baada ya kuloweka mara mbili tatu, huo ndio mpaka wa kazi ya mwenye nyumba. Mwite fundi bomba, hata kama umeshafika nusu.

Nati ikitoka, shika kijiti na uvute katriji moja kwa moja kuelekea kwako huku ukiitikisa kidogo kushoto na kulia. Kabla haijaachia kabisa, piga picha ya namna ilivyokaa. Kitako chake kina vipini vidogo viwili vinavyoingia kwenye vitundu vya mwili wa miksa, na kwenye aina nyingine vipini hivyo vinalingana kiasi kwamba katriji inaweza kuingia ikiwa imegeuka kinyume. Ukiikosea, kila kitu kitafanya kazi vizuri isipokuwa moto utakuwa baridi na baridi itakuwa moto.

Sasa nenda dukani ukiwa na katriji ya zamani mkononi. Usiende na picha, wala jina la miksa tu. Saizi zinazopatikana sana ni kipenyo cha milimita 35 na 40, lakini mbili zenye kipenyo kimoja zinaweza kutofautiana katika mambo manne yanayoamua kila kitu: urefu kutoka kitako hadi bega ambalo nati inakandamiza, mahali palipo vipini viwili, upana na umbo la kijiti ambapo kishikio kinaingia, na kitako chenyewe. Kuna zenye kitako bapa na kuna zenye kitako kilichoinuka juu ya miguu, ambazo maji yake hutokea ubavuni. Weka mbili hizo bega kwa bega mezani, uzigeuze uone matundu matatu. Kipenyo kikiwa sawa lakini bega likiwa fupi kwa milimita moja, nati haitaibana mihuri na maji yatapita kati ya moto na baridi ndani kwa ndani, yaani umenunua ugonjwa ule ule ukiwa mpya. Kama duka lina katriji ya kampuni iliyotengeneza miksa yako, chukua hiyo hata ikiwa ghali kidogo, maana kauri na mihuri hutofautiana ubora kuliko inavyoonekana kwa macho.

Rudi ukutani. Kabla ya kuweka kitu kipya, safisha kiti, yaani sehemu ya shaba ambamo mihuri mitatu ya mpira itakaa. Chukua kitambaa laini chenye siki, sugua polepole, pitisha kidole. Unatafuta kivimbe cha chokaa kilichoachwa na muhuri wa zamani. Kikibaki, muhuri mpya utakaa juu yake na kuvuja. Usitumie bisibisi wala msasa, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye shaba hiyo ni mfereji wa kudumu kati ya maji mawili. Futa siki kwa maji safi.

Kisha osha mabomba. Hatua hii watu huiruka halafu hurudi baada ya mwezi wakilalamika kwamba katriji mpya nayo ni ngumu. Unapofunga na kufungua koki za zamani, vipande vya chokaa na kutu hulegea na kungoja kwenye bomba. Kipande kimoja chembamba kama mchanga kikiingia kati ya visahani vya kauri, huvichora na ulaini wake haurudi. Kata chupa ya plastiki upate mdomo mpana, ishike mbele ya tundu la miksa, mwombe mtu afungue maji baridi kidogo kwa sekunde chache, halafu afunge. Fanya vile vile upande wa moto, ukiwa na uangalifu zaidi na mkono ukiwa mbali. Maji yatoke mpaka yawe safi.

Mihuri ya katriji mpya ipake grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya kujipaka, mafuta ya gari au grisi ya kawaida hayafai, kwani huuvimbisha mpira na kuulainisha hadi ukatoka kwenye nafasi yake. Weka katriji vipini vikiwa kwenye vitundu vyake. Ukiwa umeielekeza sawa, itashuka na kukaa kimya, haitacheza ukiigusa. Ikiyumba, kipini kimoja kiko juu ya shaba badala ya ndani ya kitundu, na ukikaza nati hapo utakivunja.

Nati izungushe kwa mkono hadi igote, kisha kwa spana uongeze takriban robo mzunguko, basi. Nati hukandamiza katriji, na katriji ikikandamizwa kupita kiasi visahani vyake hubanana, ndipo kishikio kinakuwa kigumu siku ya kwanza kabisa. Ukiona hivyo, legeza kidogo na ujaribu tena kabla ya kulaumu duka. Upande wa pili, ikilegea mno, maji hupita chini ya mihuri na unaona tone likitoka kando ya kijiti. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna nafasi ya kutosha, na mkono huijua haraka.

Rudisha kishikio bila kukifunga skrubu, kiweke katikati na kikiwa wazi, ndipo ufungue koki za maji taratibu ili hewa itoke bila kupiga kishindo kwenye bomba. Acha maji yatiririke dakika moja, funga kwa kishikio, ungoja kidogo na uangalie kama kuna tone kuzunguka katriji. Sasa peleka kishikio mwisho wa moto na upime kwa kipimajoto kile kile. Kwako ningetarajia isipungue sana chini ya 57 ya sinki, tofauti ya nyuzi moja hadi tatu si kitu.

Ikifika hapo, rudi kwenye pete ya kikomo, usiiache wazi kabisa. Maji ya nyuzi 60 huweza kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5, na ya watoto haraka zaidi, wakati watu wengi huoga kwa raha kati ya nyuzi 38 na 42. Kwa nyumba yenye watoto, rudisha pete jino kwa jino hadi mwisho wa moto usomeke karibu na 45. Pima upya majira ya baridi yakifika, maana maji yanayoingia yakishuka kutoka 22, mchanganyiko ule ule wa kikomo utashuka nayo.

Na kama umeweka katriji mpya, pete iko wazi, mkondo una nguvu na bado shawa inatoa vuguvugu, tafuta maji baridi yanayovuka kuingia kwenye bomba la moto kupitia miksa nyingine. Jaribio lake ni rahisi. Funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita, kisha fungua bomba la moto kwenye sinki. Maji yanapaswa kuisha nguvu upesi. Yakiendelea kutiririka bila kukoma, yanatoka kwenye mtandao wa baridi kupitia miksa mbovu mahali fulani, mara nyingi ile ya jikoni, au ile ya bafu ambayo mtu ameacha vishikio wazi huku akifungia maji kwa kitufe cha mbele ya shawa. Funga koki za miksa moja baada ya nyingine mpaka yasimame. Ile uliyoifunga wakati yaliposimama ndiyo yenye katriji ya kubadilisha. Wewe sinki limekupa 57, kwa hiyo siitegemei sana kwako, ila upande huo ungepaswa kuangaliwa mapema kwa mtu ambaye mabomba yote ya nyumba yanatoa vuguvugu kwa zamu.

Kila nilichosema hapa ni cha miksa ya kishikio kimoja. Kama kishikio kina namba 38 na kitufe cha kubonyeza ili kupita juu yake, basi ni ya themostati, na katriji yake ina kidonge chenye nta inayotanuka na kunywea kulingana na joto. Hiyo haipimwi kwa mwendo wa kishikio. Kwanza hakikisha kitufe kinabonyezeka na kuachia, na vichujio vya kuingilia maji havijaziba. Ukibadilisha katriji yake, hutarudisha kishikio tu, utalazimika kuipanga: wacha maji yatoke kwa kijiti kitupu, kizungushe hadi kipimajoto kisome 38, halafu ndipo uvalishe kishikio namba 38 ikiwa imeelekea alama.